Mechi tatu usiku wa shule: kumwekea kijana mpaka wa gemu anaoweza kuufuata

"Zima hilo gemu, ukafanye homuweki."

"Baba, namalizia tu."

Hiyo ilikuwa saa mbili usiku. Saa tatu na nusu ngonjera ilikuwa ileile, ila sauti zilikuwa zimepanda, vyombo vimelala kwenye sinki na daftari la hisabati bado limo ndani ya begi. Tuliighani kwa miezi, mimi na mwanangu wa miaka 15, hadi usiku mmoja nikachomoa waya ukutani. Alirusha padi ya kuchezea, akalia kwa hasira, na kwa siku mbili hakunisemesha. Baadaye nilielewa kwamba alikuwa kwenye mechi ya timu. Wenzake wanne walibaki pungufu, mfumo wa gemu ukamhesabu kuwa mtoro, ukamfungia kwa muda asicheze mechi za ranki, zile za kupanda daraja. Kwa hiyo "namalizia tu" haikuwa uongo kabisa, nami nilikuwa nimeweka mpaka mahali pasipo na mlango.

Hatua ninazoeleza hapa ndizo tulizofuata baada ya hapo. Zinamfaa kijana wa miaka 13 hadi 17 ambaye bado anakula, analala nyumbani na kwenda shule, lakini gemu limemeza kazi za nyumbani na masomo. Kama hali imevuka hapo, soma kwanza sehemu ya dalili za hatari karibu na mwisho.

Hatua ya 1: Andika wiki moja bila kugomba

Usianze na sheria. Chukua daftari na kwa siku saba andika mambo matatu: ameanza kucheza saa ngapi, ameacha saa ngapi, na kazi ipi haikufanyika. Usimwambie "nakuandikia" kwa sauti ya polisi, lakini pia usimfiche. Mimi nilisema hivi: "Wiki hii sigombi. Nataka nijue muda unakwenda wapi, halafu tutakaa tuongee."

Vifaa vingi vinahesabu vyenyewe. Kwenye iPhone fungua `Settings`, kisha `Screen Time`. Kwenye simu nyingi za Android ni `Settings`, kisha `Digital Wellbeing & parental controls`. Nintendo Switch ina programu ya simu ya mzazi inayoonyesha kila gemu limechezwa muda gani kwa siku. Ukiwa na mashine isiyokupa hesabu rahisi, saa ya ukutani inatosha.

Wiki yetu ilisomeka hivi: Jumatatu saa 3 na dakika 20, Jumanne saa 4, Jumatano saa 2 na dakika 40, Alhamisi saa 4 na dakika 10, Ijumaa saa 5, Jumamosi saa 8, Jumapili saa 7. Jumla saa 34 na dakika 10. Nilidhani atabisha. Alitazama karatasi kimya, akasema, "Hiyo Jumamosi siamini." Mtoto akibishana na karatasi, habishani na wewe, na hiyo peke yake ni nafuu.

Safu ya tatu ndiyo iliyonifundisha zaidi. Vyombo vilikosa kuoshwa siku tano kati ya saba, hilo nililijua. Lakini homuweki iliyoachwa ilikuwa ya hisabati kila mara. Kiswahili kilifanyika, jiografia ilifanyika, hata kama ni kwa kulipua. Nilipokaa naye na lile daftari nikaona kwamba alipotea tangu milinganyo yenye sehemu, na kila somo jipya lilikuwa limejengwa juu ya hilo shimo. Gemu halikuwa limemnyang'anya hisabati. Hisabati ilimfukuza, akakimbilia mahali anaposhinda. Ningepunguza gemu bila kuziba shimo hilo, angekaa mezani saa nzima akichora pembeni mwa daftari. Kwa hiyo tazama ni kazi ipi hasa inayoachwa, maana kazi inayoachwa daima ni ileile kwa sababu fulani.

Hatua ya 2: Lijue gemu lenyewe

Wazazi wengi tunaruka hatua hii, na ndiyo inayoharibu kila kitu baadaye. Kaa naye nusu saa, mtazame akicheza, uliza maswali ya kijinga. Unachotafuta ni jambo moja: gemu hili linaweza kuachwa wakati gani bila hasara?

Gemu la mpira lenye vipindi vya dakika sita sita huchukua kama dakika 15 hadi 20 ukihesabu mapumziko na marudio ya magoli. Gemu za kupambana hadi abaki mmoja huchukua dakika 20 hadi 30 ukifika mwisho, ingawa ukiuawa mapema unatoka baada ya dakika tano. Zile za timu tano kwa tano za kuteka ngome zinaweza kufika dakika 40 au zaidi, na hakuna anayejua mwanzoni zitaisha lini. Gemu za aina hizo mbili za mwisho zikichezwa mtandaoni hazina kusimamisha. Gemu za kujenga na kutalii peke yako ni kinyume: zinaweza kusimamishwa na kuhifadhiwa karibu wakati wowote, lakini hazina mwisho, kwa hiyo hakuna kitu cha asili cha kumwambia mtoto "sasa basi."

Ukishajua hili, unaona kwa nini "saa moja tu" ni kipimo kibovu kwa gemu za mechi. Saa moja huishia katikati ya mechi ya tatu, na hapo ndipo vita inapozuka. Kipimo kinachofuata umbo la gemu ni idadi ya mechi, pamoja na saa ya mwisho ya *kuanza* mechi. Kwa gemu zisizo na mechi, tumia dakika pamoja na onyo la dakika kumi ili ahifadhi.

Tazama pia zawadi za kila siku. Gemu nyingi humpa mchezaji kitu kwa kuingia kila siku, na akiruka siku mfululizo wake unavunjika. Zimetengenezwa hivyo makusudi. Ukimnyima gemu siku nzima kama adhabu, unachomchukulia kwake si saa moja tu, ni mfululizo wa wiki tatu. Ndiyo maana mpango wangu hauna siku kavu za shule, una siku fupi.

Hatua ya 3: Hesabu muda uliopo kweli

Sasa chukua siku ya shule na uanze na usingizi, usianze na gemu. Kijana wa umri wa miaka 13 hadi 18 anahitaji saa 8 hadi 10 za kulala. Wangu anaamka saa kumi na mbili asubuhi, kwa hiyo saa nne usiku lazima awe kitandani, na hiyo ni ile saa 8 ya chini kabisa.

Anafika nyumbani saa kumi na nusu. Tulimpa saa nzima ya kupumzika na kula kitu, bila gemu. Saa kumi na moja na nusu ni kazi ya nyumbani, nusu saa. Saa kumi na mbili anakaa mezani kwa masomo hadi saa moja na robo. Kuanzia hapo ni wakati wake, ukitoa nusu saa ya chakula cha jioni, hadi saa tatu na robo ambapo padi inatoka mikononi. Ukitoa chakula inabaki saa moja na nusu. Mechi zake ni za dakika 25 hivi, na kati ya mechi na mechi kuna kusubiri wachezaji. Zinaingia mechi tatu. Nne haziingii.

Hesabu hii tuliifanya pamoja, yeye akiandika. Alitaka nne. Nikamwambia azipange mwenyewe kwenye karatasi bila kugusa usingizi wala masomo. Alijaribu mara mbili, akajaribu kupunguza saa ya mapumziko, akaona hataki, akaweka kalamu chini. Mechi tatu si namba niliyoitoa mfukoni, ilitoka kwenye siku yake mwenyewe, na hilo ndilo ninaloliita haki.

Hatua ya 4: Andika sheria nne, si ishirini

Karatasi yetu ilibandikwa mlangoni ikiwa na mambo manne tu.

Ya kwanza, kazi kabla ya gemu, na kazi imeelezwa. "Osha vyombo" ni neno linalobishaniwa kila siku. Tuliandika: vyombo vimeoshwa na kusuuzwa, vimepangwa, sufuria haijaachwa "ilowe", sinki limefutwa. Mtu yeyote akiingia jikoni anaona kama imeisha au la, bila kumuuliza mtoto.

Ya pili, masomo yanapimwa kwa muda, hayapimwi kwa kumaliza. Hili nilikosea mwanzoni. Nilisema "ukimaliza homuweki unacheza," na kwa wiki moja homuweki ilikuwa ikiisha kwa dakika 12. Mwandiko wa kuku, maswali magumu yamerukwa, majibu bila njia. Nilikuwa nimeweka zawadi kwenye haraka. Tukabadilisha: anakaa mezani saa 1 na robo, iwe kazi ni nyingi au chache. Ikiisha mapema, anarudia hisabati ya nyuma au anasoma. Kulipua hakumpi kitu tena, kwa hiyo akaacha kulipua. Simu inabaki chumba kingine wakati huo, na mwishoni hanijibu swali la "umemaliza?", anafungua daftari nione.

Ya tatu, mechi tatu siku za shule, na hakuna mechi inayoanza baada ya saa tatu kasorobo. Iliyoanza kabla ya hapo inamalizwa, hata ikifika saa tatu na dakika kumi. Ile nusu saa kati ya kasorobo na saa tatu na robo ni nafasi ya mechi moja nzima, na ndiyo iliyofuta "namalizia tu" nyumbani kwetu. Gemu likiwa la timu na mechi ndefu, sogeza saa ya kuanza nyuma zaidi.

Ya nne, padi na simu vinalala sebuleni. Hata zetu wazazi. Nilijaribu kujiondoa kwenye sheria hiyo kwa kisingizio cha kazi, na mama yake akanitazama tu.

Mwisho wa wiki tuliupunguza polepole. Jumamosi ilitoka saa 8 hadi 6, wiki iliyofuata 5, kisha ikatulia kwenye 4, zote baada ya kazi za asubuhi. Siku za shule zilibadilika mara moja, kwa sababu hapo kulikuwa na hesabu isiyobishika. Jumamosi hakuna hesabu kama hiyo, ni makubaliano tu, na makubaliano hushuka kwa ngazi.

Hatua ya 5: Panga adhabu ndogo kabla ya kosa

Adhabu kubwa hazidumu. Ukisema "hakuna gemu mwezi mzima," siku ya tisa umechoka kuilinda, na mtoto anajua. Yetu ni hii: ukianzisha mechi baada ya kasorobo, kesho una mbili badala ya tatu. Kazi haikufanyika, gemu halijaanza, basi, hakuna hotuba. Kosa la leo linalipwa kesho na kwisha kesho.

Jambo jingine, gemu linalipa makosa ya gemu tu. Akimjibu dada yake vibaya, hilo lina mazungumzo yake. Ukianza kukata mechi kwa kila kosa la nyumbani, sheria iliyotoka kwenye hesabu inageuka kuwa fimbo.

Na usichomoe waya. Mbali na niliyoeleza, mashine ikizimwa ghafla wakati inahifadhi inaweza kuharibu kumbukumbu za mchezo, kazi ya miezi. Ukifanya hivyo mara moja, utakuwa na kesi halali ya kujibu.

Hatua ya 6: Acha mashine ihesabu, wewe ubaki mzazi

Weka kufuli la muda kwenye kifaa baada ya kukubaliana, kama saa ya mwamuzi. Kwenye PS5 lipo ndani ya `Family and Parental Controls`, na muda ukiisha unachagua kati ya `Notify Only` na `Log Out of PS5`. Chagua la kwanza. La pili linamtoa katikati ya mechi, na umerudi kwenye waya ukutani. Nintendo Switch nayo inaweza kuonya tu au kusimamisha kabisa. Mimi huacha onyo kwanza, na kusimamisha nimekuweka kuwa hatua ya akiba kama onyo linapuuzwa wiki mbili mfululizo.

Namba ya siri ya vizuizi kwenye PlayStation hutoka kiwandani ikiwa 0000. Ibadilishe, na usiweke mwaka wako wa kuzaliwa.

Atajaribu kukwepa, usishtuke. Njia za kawaida ni kubadilisha saa ya kifaa, kufungua akaunti mpya, kuingia kwa akaunti ya mzazi, au kufufua simu ya zamani iliyolala kabatini. Unatambua vipi? Ripoti inaonyesha amecheza dakika 20, naye anawasimulia wenzake mechi sita. Au asubuhi haamki. Korea Kusini waliwahi kuweka sheria mwaka 2011 ya kuwafungia walio chini ya miaka 16 gemu za mtandaoni kuanzia saa sita usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Watoto wakawa wanaingia kwa namba za utambulisho za wazazi wao, na mwaka 2021 serikali ikaamua kuifuta. Kama taifa zima lenye mitambo lilizungukwa, namba yako ya siri haitakuokoa peke yake. Ukimkamata, mlipishe kama ilivyoandikwa, kisha uulize alikuwa anatafuta nini usiku huo. Wangu alikuwa na rafiki aliyehama, na muda pekee wa rafiki huyo ulikuwa saa nne usiku. Tukawahamishia Jumamosi mchana.

Siku ya tatu hadi ya kumi

Hapa wengi hushindwa. Siku mbili za kwanza atafuata, kwa sababu ni jambo jipya. Kisha hali inakuwa mbaya kuliko kabla hujaanza: anapiga mlango, anasema wenzake wote wanaruhusiwa, anaosha vyombo kwa kelele hadi unaogopa vitavunjika. Usidhani mpango umeshindwa. Tabia iliyokuwa ikilipa ikiacha kulipa, kwanza huongezeka nguvu, ndipo ipungue.

Hatari ya kipindi hiki ni kukubali mara moja. Siku ya sita tulikuwa na wageni, nikachoka, nikasema "haya, moja ya nne leo tu." Nilikuwa nimemfundisha kwamba dakika 40 za kubishana zinanunua mechi moja. Ilichukua siku tano nyingine kurudi tulipokuwa. Akibishana, jibu langu likawa sentensi moja, ileile, kwa sauti ileile: "Tutaongea Jumapili." Halafu naondoka chumbani. Ukibaki umesimama mlangoni, mjadala unaendelea.

Jumapili ni kikao cha dakika 15. Karatasi mezani, yeye anaanza kusema. Hapo ndipo sheria hubadilishwa, haibadilishwi usiku wa Jumanne padi ikiwa mkononi.

Dalili kwamba mpaka peke yake hautoshi

Shirika la Afya Duniani limeliweka tatizo la gemu kwenye orodha yake ya magonjwa, toleo la ICD-11, lililoanza kutumika Januari 2022. Saa nyingi peke yake si kigezo. Wanatazama mambo matatu: hawezi kujizuia kuanza wala kuacha, gemu limetangulia mambo mengine yote ya maisha, na anaendelea au anazidisha ingawa madhara yanaonekana. Tena kwa kawaida hali iwe imedumu miezi 12 hivi na imevuruga masomo, familia au afya yake. Kijana anayenuna kwa sababu ya mechi ya nne hayumo humo.

Lakini usisubiri miezi 12 ukiona ameacha mpira au marafiki aliowapenda, haogi, amegeuza usiku kuwa mchana, anakosa shule, au hata gemu lenyewe halimfurahishi tena na bado anacheza. Mara nyingi chini yake kuna huzuni, wasiwasi au uonevu shuleni, na gemu ni pazia. Hapo nenda naye kwa daktari au mshauri nasaha. Akitamka kwamba hataki kuishi, au akianza kupiga watu, tafuta msaada siku hiyohiyo.

Baada ya wiki sita

Tulihesabu tena kwa daftari lilelile. Saa 34 zilikuwa zimeshuka hadi 14, vyombo vilikosa kuoshwa mara moja, na hisabati ilikuwa bado ngumu ingawa sasa daftari lilikuwa na makosa yenye njia, si kurasa tupu. Ule muda wa saa kumi na mbili jioni ndio tuliotumia kurudi kwenye ile milinganyo, mara mbili kwa wiki.

Kwenye kikao cha Jumapili hiyo alikuja na karatasi yake mwenyewe. Kulikuwa na mashindano mtandaoni Ijumaa inayofuata, mechi sita mfululizo. Aliandika kwamba angetoa mechi moja Jumatatu, moja Jumanne na moja Alhamisi, na kwamba vyombo vya Ijumaa ataviosha kabla ya saa kumi na moja. Nilimuuliza na Jumatano je. Akasema, "Jumatano naihitaji kwa mazoezi." Nikasaini.